Siku moja maishani mwangu: sentensi mbili kuhusu posta na ushuru zilizonila siku nzima

Kazi yangu ni kuandika maelezo ya bidhaa kwa wauzaji wa hapa Dar wanaouza nje. Watu wakisikia wanadhani nakaa napamba maneno, "kanga laini yenye rangi za machweo" na nini na nini. Hayo yananichukua dakika kumi, siku nzima inaisha kwenye sentensi za hela, ushuru na mzigo utafika lini. Jana ilikuwa hivi.

Saa 1:20 asubuhi. Sijanawa hata uso, simu inaita, ni yule dada ninayemwandikia duka lake la kanga. "Mdogo wangu umeona meseji ya yule mteja wa Leicester?" Nikafungua. Mteja, mama wa kwetu anayeishi Uingereza, alinunua doti sita za sare ya harusi kwenye soko la mtandaoni, tukatuma kwa EMS. Sasa mzigo umefika kule ameletewa kikaratasi, alipe kodi pamoja na ada ya kuushughulikia ndo apewe. Anasema kwenye tangazo hakuna mahali palipomwambia hivyo, ye hauchukui, tuurudishe na hela yake tumrudishie. Ana haki ya kukasirika, maana sentensi yetu ya kwanza kabisa ilisema "Usafiri bure, hulipi kitu kingine." Nimeiandika mimi, kwa mkono wangu, dada aliitaka na mi nikakubali.

Saa 3. Chai na chapati moja, daftari mezani. Kwanza nikajiuliza mbona miezi miwili tumeuza Uingereza hakuna aliyelalamika. Jibu lilikuwa kwenye idadi. Wengine wote walinunua doti moja moja, huyu kachukua sita kwa mpigo. Uingereza wana mpaka wa pauni 135 kwa mzigo mzima, si kwa kila kitu kilichomo ndani. Mzigo wa bidhaa zisizozidi hapo hautozwi ushuru wa forodha, na kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ya asilimia 20, inakatwa na soko lenyewe pale mteja anapolipa, utaratibu huo upo tangu tarehe 1 Januari 2021. Ukivuka 135 soko halikati, kodi inasubiri forodhani na ushuru unaweza kuja juu yake, af wa kukabidhi mzigo anaongeza ada yake ya usumbufu.

Sasa hapa ndo utamu, au uchungu, wa jambo lenyewe. Doti dada anaiuza pauni 19, na ili aseme usafiri bure alichukua gharama ya posta akaigawa, ikawa pauni 24 kila doti. Sita mara 24 ni 144, tumeshavuka. Lakini kama tungeandika doti 19 na posta 30 pembeni, bidhaa zingekuwa 114 na posta 30, jumla ni ileile 144, ila wanachoangalia kwenye ule mpaka ni thamani ya bidhaa peke yake, posta haihesabiwi almradi imeandikwa kivyake kwenye invoisi. Ukiificha ndani ya bei inahesabiwa kama kanga. VAT yenyewe ingekuwepo bado, pauni 28 na peni 80, maana inapigwa mpaka kwenye posta, tofauti ni kwamba mama wa watu angeiona mbele yake wakati analipa, akaamua mwenyewe, bila ada ya kikaratasi na bila mtu kumzuilia kanga za harusi. Yaani neno "bure" ndo limemgharimu.

Saa 5:30. Kariakoo, kwenye stoo ya dada, jua kali hakuna feni. Nilitaka kujua kitu kimoja zaidi, kwa nini kwenye kikaratasi kuna ushuru juu ya VAT wakati bidhaa za Tanzania zina nafuu ya kuingia kule bila ushuru. Nikakunjua doti moja nikasoma ukingoni, pale chini ya maandishi ya kiwanda, herufi ndogo: `MADE IN INDIA`. Na kwenye fomu ya posta kijana wa dukani alikuwa ameandika asili ya bidhaa ni Tanzania, kwa sababu tumenunua Tanzania! Asili ni pale ilipotengenezwa, si ilipotumwa. Nikamwambia dada tupange stoo upya, za viwanda vya hapa upande huu, za India upande ule, na kila tangazo liseme ukweli. Akanuna kidogo, "wateja wanataka ya nyumbani." Nikamwambia waandikie "imechaguliwa Kariakoo", hiyo ni kweli, ila asili tusiseme uongo. Kwa Marekani ndo kabisa, tangu tarehe 29 Agosti 2025 ile ruhusa ya mizigo isiyozidi dola 800 kuingia bila ushuru imeondolewa, kwa hiyo asili inagusa mpaka doti moja.

Saa 8. Wali maharage, haraka haraka, af fomu ya forodha. Mwanzoni tulikuwa tunajaza `cloth` basi, na afisa akiona hivyo lazima ajiulize nguo gani, ya pamba au ya nailoni, imeshonwa au la. Nikapima doti kwenye mzani wa jikoni, gramu 420, eneo lake kama mita za mraba 3.3, kwa hiyo gramu 127 kwa mita ya mraba, maana namba ya ushuru ya kitambaa cha pamba kilichochapwa inabadilika ukizidi 100. Sasa tunajaza hivi:

```
Kanga, printed cotton fabric, plain weave, uncut pair
HS 5208.52   Origin: India   6 pcs   GBP 114.00
```

Hapo `uncut` ina kazi, doti ikishakatwa na kupindwa kingo si kitambaa tena, inahamia namba nyingine.

Saa 10 jioni. Mteja mwingine anaomba tuandike `gift` na bei pauni kumi. Nikamjibu kwa upole, "Samahani dada yangu, hii ni biashara siyo zawadi, na mzigo ukipotea posta watatufidia hizohizo kumi." Hakujibu. Sawa tu.

Saa 11 hadi magharibi nikaandika upya yale maelezo, na haya ndo yamebaki:

"Bei unayoiona juu ni ya kanga, posta inaonekana kivyake unapolipa. Benki yako inaweza kukata ada ya kubadilisha fedha, hiyo hatuioni sisi. Uingereza: oda ya bidhaa zisizozidi pauni 135, VAT unalipa hapahapa, ikizidi utadaiwa mzigo ukifika, pamoja na ushuru kama upo na ada ya mwenye kuuleta. Tunapeleka posta ndani ya siku 2 za kazi. Baada ya hapo mizigo yetu imewahi kufika kwa siku 7, mmoja ulichukua 23 kwa sababu ulikaa forodhani. Kama una harusi, agiza wiki tano kabla."

Hiyo ya siku 23 dada hakuipenda, alitaka "siku 5 hadi 7" kama zamani. Nilimwonyesha daftari, mizigo 14, mitatu tu ndo ilifika ndani ya wiki. Akakubali. Yule mama wa Leicester naye tukakubaliana alipe achukue kanga zake, halafu dada atamrudishia ile ada na ushuru, VAT ailipe mwenyewe.

Saa 3 usiku nimeshajilaza, meseji ya dada inaingia: "Sasa lile bango la USAFIRI BURE nilishamlipa kijana wa kuchora, tutalifanyaje?"