Siku yangu stoo: madumu mawili yenye alama moja

Saa 1:00 asubuhi

Nasimamia stoo ya vifaa vya usafi katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja. Nikifungua mlango asubuhi husimama kwanza kizingitini nikanusa. Harufu ya klorini pale maana yake kuna kifuniko hakijakaa sawa au dumu linavuja. Leo hewa ni safi. Nawasha feni ya kutolea hewa, nagawa glovu na sabuni, wasafisha vyumba wanatawanyika.

Saa 2:30

Gari la saplaya limefika na bidhaa mbili ambazo hatujawahi kuzitumia. Moja ni dumu la lita 20 la klorini ya maji, ile wengi wanaiita jiki ya dumu, kwa ajili ya dobi na sakafu. Nyingine ni galoni za dawa ya kuondoa chokaa chooni. Maji ya kisima huku yanapita kwenye mawe ya matumbawe, vyoo vinashika ukoko mweupe, na ukoko huo hautoki bila asidi.

Mzigo wa kemikali siupokei bila karatasi yake ya usalama. Dereva ananipa mbili. Ya asidi iko sawa. Ya klorini inataja jina linalofanana na la kwenye dumu, lakini sehemu ya 3, panapoandikwa kilichomo, inasema hipokloriti ya sodiamu chini ya asilimia 5. Lebo ya dumu inasema 12. Hiyo ni karatasi ya chupa ya nyumbani, na maonyo yake ni mepesi kuliko yanayostahili dumu hili. Napiga simu, na baada ya muda karatasi sahihi inaingia kwenye simu yangu. Ndipo nasema teremsheni.

Saa 4:00

Karatasi ina sehemu 16, nami sizisomi kwa mpangilio. Naanza na ya 2, yenye alama za hatari: zile picha nyeusi ndani ya fremu nyekundu ya almasi. Dumu la klorini lina mbili. Ya kwanza ni kimiminika kinachodondokea mkono na kipande cha chuma, vyote vikiliwa. Ya pili ni mti mkavu na samaki aliyekufa, kwa hiyo hata tone lisiende kwenye mtaro wa mvua unaoishia baharini.

Galoni ya asidi nayo ina picha ile ile ya mkono na chuma. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anaona alama moja, anafikiri ni jamii moja, anaziweka rafu moja. Picha inakwambia tu kwamba kitu hiki kinaunguza. Haikwambii kinagombana na nani.

Jibu liko kwenye maandishi. Sehemu ya 9 inaonyesha pH: asidi iko chini ya 1, klorini iko juu ya 12. Zote zinaunguza ngozi, lakini zimekaa ncha mbili tofauti. Kwenye karatasi ya klorini kuna mstari wenye namba EUH031: ikigusana na asidi hutoa gesi ya sumu. Sehemu ya 10 inarudia, na inaongeza amonia kwenye orodha ya visivyopatana nayo. Gesi inayotoka asidi ikikutana na klorini ni klorini yenyewe ikiwa hewa, na katika choo kidogo kisicho na dirisha inatosha kumwangusha mtu.

Saa 5:30

Sasa tunapanga. Kijana wangu wa stoo anauliza, "Dada, si tuweke asidi juu, klorini chini?" Hapana. Galoni ya juu ikivuja, itadondokea ya chini. Klorini inabaki hapa. Asidi inahamia kabati la plastiki lenye kufuli katika chumba cha pili, chini ya usawa wa macho. Rafu za chuma hatuzitumii kwa yoyote kati yake, kwa sababu zote mbili zina H290, yaani zinakula metali. Dumu la klorini tunalikalisha ndani ya beseni pana linaloweza kubeba lita 22, ili hata likipasuka lote, maji yake yasifike sakafuni.

Kuna jambo la joto pia. Sehemu ya 7 inataka mahali pa baridi pasipo jua. Klorini ya maji huoza yenyewe pole pole na kutoa oksijeni, na kila joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo huongezeka mara tatu au nne. Ndiyo maana kifuniko cha dumu hili kina tundu la kupumulia, na nimemwonya kijana asilizibe kwa nailoni hata kama linanuka kidogo. Dumu lililozibwa huvimba, na anayelifungua hurushiwa maji usoni.

Kuoza huko kunagusa na vipimo. Kwa ndoo ya lita 10 yenye nguvu ya asilimia 0.1 tunahitaji mililita 83 za klorini ya asilimia 12. Dumu likikaa mpaka likashuka kuwa 8, kipimo hicho hicho hakitoshi tena, ingehitajika 125. Basi nimeandika tarehe ya kupokea kwa kalamu nene ubavuni.

Saa 8:00 mchana

Baada ya chakula naandika kadi ya huduma ya kwanza kutoka sehemu ya 4, kwa Kiswahili, maana karatasi yenyewe ni ya Kiingereza na aliyemwagikiwa hana muda wa kutafsiri.

Jichoni: maji safi yanayotiririka taratibu, kope zimeshikwa wazi, angalau dakika 15, lensi zitolewe kama zinatoka kirahisi, kisha hospitali. Kwenye ngozi: vua nguo zilizolowa huku ukimwagia maji. Ngozi ikiteleza kama ina sabuni, klorini bado ipo. Aliyemeza asukutue kinywa na asitapishwe, kwa kuwa kinachopanda kitaunguza koo mara ya pili. Siki wala ndimu ya "kuizima" isiguswe. Maziwa pia hayamo kwenye karatasi; tusimcheleweshe mtu kwa kuyatafuta. Aliyevuta gesi atolewe nje, akae wima, apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwani mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Karatasi iende naye.

Saa 9:30

Wasafisha vyumba wamekusanyika. Nawavalisha miwani ya kinga na glovu nene za naitraili, kama sehemu ya 8 inavyotaka. Mama mmoja, mkongwe wa kazi hii, anauliza, "Mwanangu, mimi namwaga dawa ya chokaa, ukoko ukilainika naongeza jiki ing'ae. Ndiyo vibaya?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Mwaga dawa ya chokaa, sugua, flashi mara mbili. Choo kikishang'aa, klorini ya nini? Kama lazima uue vijidudu, iwe zamu nyingine, na choo kisiwe na mkojo, maana nao una amonia."

Anatikisa kichwa. "Kumbe kile kikohozi!" Wenzake wawili wanasema nao wamewahi kukohoa hivyo.

Saa 10:45

Kwenye toroli la ghorofa ya pili nakuta chupa ya maji ya kunywa yenye klorini iliyochanganywa. Naimwaga kwenye sinki la dobi kwa maji mengi, naikatakata chupa, namkabidhi mwenye toroli chupa ya rangi yenye lebo: jina, nguvu, tarehe ya leo na ile picha ya mkono.

Kisha naandika oda ya mwezi ujao: galoni za lita 5 badala ya dumu la 20, ziletwe kila wiki mbili, na karatasi ya usalama itangulie kabla ya gari kuondoka mjini.