Watu watano, simu moja

Tovuti yetu ya kuagizia samaki bado rasimu. Leo nimewaomba watu watano pale Darajani waagize changu kilo mbili, huku wakisema kwa sauti wanachokiwaza.
Mimi nimenyamaza, simwelekezi mtu.

Wanne wamekwama pale pale: kitufe cha "Wasilisha".

Bi mkubwa mmoja kidole kikabaki kinaning'inia juu ya kioo.
"Mwanangu, nikibonyeza hapa pesa zangu zitakatwa?"

Swali hilo limenikaa moyoni. Hakukosea yeye, neno langu ndilo lililomtia hofu.

Usiku huu kitufe kinasomeka "Agiza, utalipa ukipokea". Kesho natafuta wengine ambao hawajaiona kabisa.

Jamani, neno gani kwenye simu limewahi kukufanyeni msite kubonyeza?