Alama za kazi ya pili hazikuonekana kwenye mfumo

Matokeo yalipotoka, somo la takwimu lilionyesha "I", yaani halijakamilika. Kwenye alama za kozi, jaribio lilikuwepo, lakini kazi ya pili ilikuwa tupu. Wenzangu walinishauri nimpigie mwalimu. Nikaona bora barua pepe, maana anaweza kuipeleka kwa mratibu wa mitihani kama ilivyo.

Kichwa niliandika msimbo wa somo, namba ya usajili na "alama za kazi ya 2 hazipo". Ndani:

"Shikamoo Mwalimu. Kazi ya 2 niliiwasilisha tarehe 14 Mei, saa 3:42 usiku. Mwisho ulikuwa tarehe 15. Kwenye mfumo sehemu ya alama iko wazi. Nimeambatisha risiti ya mfumo, faili lenyewe na picha ya ukurasa wa matokeo. Naomba uniangalizie kwenye orodha yako."

Risiti ndiyo ushahidi wenye nguvu, kwa sababu inabeba saa ya seva. Tarehe ya faili kwenye kompyuta yako haithibitishi kitu. Mtu yeyote anaweza kuibadilisha. Na picha ya skrini ionyeshe jina na namba yako, usiikate.

Mwalimu alijibu kwamba alama ninazo, 17 kati ya 20. Kwenye jedwali alilopandisha, tarakimu mbili za namba yangu zilikuwa zimepishana, hivyo mfumo ukairuka safu yangu. Matokeo yalikuwa yameshafungwa, kwa hiyo alijaza fomu ya marekebisho, mkuu wa idara akasaini, ndipo "I" ikaondoka.