Nilivyozipata isoma zote za C6H14 na C5H10 bila kukariri, na kwa nini ule ushauri wa "chora mpaka zitimie" haufai

Naandika hii nikiwa na hasira kidogo, maana mdogo wangu yuko form four na amerudi tuisheni na ushauri ule ule niliopewa mimi enzi zangu. Eti isoma unakariri idadi: C4H10 ziko 2, C5H12 ziko 3, C6H14 ziko 5, C7H16 ziko 9, halafu unachora chora mpaka zitimie. Hela ya tuisheni inalipwa kila mwezi na mtoto anarudi na namba nne kichwani. Namba zenyewe ni sahihi, sikatai, ila hazikwambii isoma ni zipi. Na kibaya zaidi unaweza ukachora molekuli moja mara mbili, ya pili umeikunja tu, ukahesabu tano zimetimia ukafunga daftari wakati kuna moja hujaigusa kabisa.

Mimi nilipata njia yangu kwa kukataa kuchora ovyo. Kwanza naangalia fomula. C6H14, sita mara mbili ni 12 jumlisha 2 ni 14, basi ni alkani, hakuna dabo bondi wala duara. Kisha haidrojeni naziweka pembeni kabisa, nachora kaboni tupu, kiunzi tu. Haidrojeni ndo zinazojaza ukurasa na kumchanganya mtu, zinawekwa mwisho.

Halafu naenda kwa mpangilio, naanza na mnyororo mrefu kuliko wote, kaboni 6 zimenyooka. Hiyo ni heksani, imeisha. Nakata kaboni moja, mnyororo unabaki wa 5, na ile moja niliyoikata naipachika kama tawi la methili. Naipachika wapi? Kaboni ya 1 haiwezekani, ukiiweka mwishoni umerefusha mnyororo tu ukarudi kwenye heksani. Kaboni ya 2 inakubali, hiyo ni 2-methilipentani. Ya 3 inakubali, 3-methilipentani. Ya 4 ukihesabu kutoka upande wa pili ni ya 2, kwa hiyo hiyo ishachorwa. Nakata tena moja, mnyororo wa 4, methili mbili za kupachika. Zote mbili kwenye kaboni ya 2 napata 2,2-dimethilibutani, moja kwenye ya 2 na nyingine kwenye ya 3 napata 2,3-dimethilibutani, na zote kwenye ya 3 ni ile 2,2 imegeuzwa.

Mnyororo wa 3 je? Hapa ndo napapenda, kwa sababu hapa njia yenyewe inakwambia simama. Unabaki na kaboni tatu za kupachika, na sehemu pekee ya kupachika ni kaboni ya katikati, ambayo tayari imeshika kaboni mbili za jirani. Kaboni ina mikono minne tu, kwa hiyo imebaki mikono miwili na wewe una methili tatu. Haiwezekani. Basi jumla ni tano na sijakariri tano, nimefika mwisho mwenyewe na najua kwa nini hakuna ya sita.

Sasa mdogo wangu akaniambia, "Dada, lakini kwenye mnyororo wa 4 si naweza kuunganisha zile kaboni mbili ziwe ethili moja nikaipachika kwenye ya 2?" Swali zuri sana hilo na nataka nilikalie, maana hapo ndo watu wengi wanapatia isoma hewa. Akachora hivi:

```
CH3-CH-CH2-CH3
    |
    CH2-CH3
```

Akaiita 2-ethilibutani. Ukiitazama kwa macho ni kitu kipya kabisa, mnyororo wa nne umelala na tawi linaning'inia. Nikamwambia chukua penseli, weka ncha kwenye CH3 ya chini kabisa, panda juu, fika kwenye CH, kisha nenda kulia mpaka mwisho, bila kuinua penseli. Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mnyororo mrefu ni wa 5, umejikunja tu, na kilichobaki nje ya penseli ni CH3 ya kushoto. Yaani ni 3-methilipentani ile ile aliyoichora dakika tano kabla! Mnyororo mkuu hautafutwi kwa kuangalia kilicholala, unatafutwa kwa penseli kutoka kila ncha kwenda kila ncha nyingine. Kutokana na hapo nikampa kanuni ya mkato kwa alkani: methili haikai kaboni ya 1, ethili haikai ya 1 wala ya 2, ukihesabu kutoka upande wowote. Ndo maana ethili inaanza kupata nafasi kwenye mnyororo wa 5, na huo ukiwa na ethili juu yake tayari ni C7H16.

Kwa hiyo kila ukichora, ipe jina hapo hapo kabla hujaenda inayofuata. Majina yakifanana ni molekuli moja hata kama michoro haifanani hata kidogo. Kuna watu wanafundisha uhesabu CH3 tu, eti zikitofautiana ni isoma tofauti. Hiyo ni kweli upande mmoja. Heksani ina CH3 mbili, 2-methilipentani ina tatu, hizo lazima zitofautiane. Lakini 3-methilipentani nayo ina tatu, na zile dimethilibutani mbili zote zina nne nne. Kwa hiyo CH3 zikilingana bado hujajua kitu, rudi kwenye jina.

Na hizi sio michoro ya kufurahisha mwalimu, ni vimiminika tofauti kweli. Heksani inachemka karibu nyuzi 69 na 2,2-dimethilibutani karibu nyuzi 50, atomi ni zile zile. Ile yenye matawi imejikusanya, molekuli zake zinagusana eneo dogo, mvutano kati yake ni mdogo, inachemka mapema.

Haidrojeni sasa. Kila kaboni ijaze mpaka mikono minne, basi. Angalia ile 2,2-dimethilibutani, kaboni ya 2 imeshika kaboni nne kwa hiyo haina haidrojeni hata moja, na hapo ndo mtu anasahau anaandika CH kwa mazoea na kaboni inakuwa na mikono mitano. Utajua kwa kuhesabu: CH3 nne ni 12, CH2 moja ni 2, jumla 14, imekaa. Ukipata 15 rudi utafute kaboni iliyozidiwa.

Tuje kwenye alkeni, C5H10. Tano mara mbili ni 10, imepungua haidrojeni mbili kulinganisha na alkani, na swali limesema alkeni kwa hiyo ni dabo bondi moja. Kama swali halijasema alkeni kumbuka hata duara kama saiklopentani ni C5H10, soma swali vizuri.

Hapa usianze upya. Chukua viunzi vitatu vya C5H12, pentani, 2-methilibutani na 2,2-dimethilipropani, kisha kwa kila kimoja jaribu kuweka dabo bondi kwenye kila bondi. Kwenye pentani ukiweka mwanzoni ni pent-1-eni, ukiweka ya pili ni pent-2-eni, zinazofuata ni hizo hizo kutoka upande wa pili. Kwenye 2-methilibutani unapata tatu: 2-methilibut-1-eni, 2-methilibut-2-eni, na ya mwisho ile dabo bondi iko upande wa mbali na tawi. Kwenye 2,2-dimethilipropani hupati kitu, kaboni ya katikati mikono yote minne imeshika watu, haina mkono wa kuongeza. Jumla tano.

Ile ya mwisho ndo inawaua. Mtu amezoea kuanza kuhesabu upande wa methili kama alivyofanya kwenye alkani, anaandika 2-methilibut-3-eni. Kwenye alkeni dabo bondi ndo inapewa namba ndogo kwanza, tawi linafuata baadaye na lipate namba lolote litakaloangukia. Kwa hiyo unahesabu kutoka upande wa dabo bondi, jina linakuwa 3-methilibut-1-eni. Kwenye 2-methilibut-2-eni dabo bondi inapata 2 kutoka pande zote mbili, hapo ndo methili inaamua, unachagua upande unaoipa 2 badala ya 3. Na usishtuke ukikuta kitabu cha zamani kimeandika 2-penteni, ni pent-2-eni hiyo hiyo, namba imesogezwa tu.

Na ukifika masomo ya juu utaambiwa pent-2-eni yenyewe ina sura mbili, sisi na transi, kwa sababu dabo bondi haizunguki. Kwa swali la kuchora fomula za miundo peke yake zinabaki tano, ukihesabu na hizo sura zinakuwa sita.

Halafu kuna kitu nilimwonyesha mdogo wangu mwishoni, akakataa kabisa. Nikamchorea hii ya C6H12:

```
CH2=C-CH2-CH3
    |
    CH2-CH3
```

Akachukua penseli yake kama nilivyomfundisha, akapita ethili moja mpaka nyingine, kaboni tano, akasema mnyororo mkuu ni wa 5. Lakini njia hiyo imeiacha ile CH2 yenye dabo bondi nje! Kwenye alkeni za shuleni mnyororo mkuu lazima ubebe kaboni zote mbili za dabo bondi, hata kama kuna mwingine mrefu zaidi. Kwa hiyo penseli inaanzia kwenye CH2 ya dabo bondi, inapata kaboni nne, na jina ni 2-ethilibut-1-eni. "Sasa dada, si ulisema ethili haikai kwenye ya 2?" Nilisema kwa alkani. Kwenye alkani penseli iko huru kupita popote ndo maana 2-ethilibutani haipo, ila hapa dabo bondi imeishika penseli, kwa hiyo ethili inakaa kwenye ya 2 kihalali kabisa. Akaijaza haidrojeni mwenyewe: 2, na 0 kwenye kaboni ya pili, kisha 2 na 3, 2 na 3, akapata 12.