Alama za vidole zilivyonikwamisha, na nilivyojinasua

Fomu ya mafunzo kazini benki ilitaka cheti cha polisi, cheti cha daktari na nakala zilizothibitishwa. Kilichonitesa ni alama za vidole za cheti cha polisi. Namsaidia mama kuanika dagaa mwaloni Kirumba, na ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka. Kwenye karatasi wino ulitoka madoa tupu. Askari akaniambia, "Mdogo wangu, mistari haisomeki, hii itarudishwa."

Nikakaa siku sita bila kugusa dagaa, kila usiku napaka mafuta ya mgando. Siku ya kurudi sikupaka kitu, maana mafuta huteleza na wino. Niliosha kwa sabuni, nikakausha vizuri. Wino ulikuwa mwembamba, na nikalegeza mkono, askari mwenyewe akaviringisha kila kidole mara moja, kutoka ukingo wa kucha hadi ukingo wa pili. Ukikaza au ukirudisha kidole nyuma, mistari inapandana. Safari hii ilionekana hata kwa macho.

Cheti cha daktari nilikipata kwa siku moja. Kwa wakili nilibeba vyeti halisi, kwani hagongi muhuri nakala asiyoilinganisha na cheti chenyewe.