Barua ya paa kwa mama mwenye nyumba

Paa letu linavuja, wiki zinakatika na mama mwenye nyumba yuko kimya, kwa hiyo usiku huu natunga barua ya maandishi. Barua nyingi za wapangaji wa Dar husema tu "paa linavuja". Mwenye nyumba hujibu "fundi anakuja", na hapo amemaliza. Inayombana ni ile inayosema maji yanapoingilia.

Doa la kwenye siling bodi linadanganya. Maji yakishapenya hufuata mbao na kudondoka mbali na tundu. Mvua ikinyesha mchana, unapanda darini na tochi, unaifuata mbao iliyolowa kuelekea juu. Hapa kwetu imeishia kwenye misumari miwili ya bati, karibu na kofia ya paa. Mipira yake imepasuka kwa jua, na kutu ya hewa ya bahari imekula bati kuzunguka tundu.

Najua nitaambiwa ni jasho la bati. Jasho hutapakaa bati zima alfajiri, hata bila mvua. Maji haya yanadondoka pale pale kila mvua inaponyesha. Nitaambiwa pia ipakwe lami. Bati hutanuka kwa jua na kusinyaa usiku, na juu ya msumari uliolegea lami hupasuka mapema. Kwa hiyo barua inataja na kazi yenyewe:

"Yah: Paa kuvuja, chumba cha nyuma. Maji yanaingilia kwenye misumari miwili chini ya kofia. Naomba ing'olewe, ziwekwe skrubu nene zaidi za kuezekea bati, zenye mpira mpya, na kipande kilicholiwa na kutu kibadilishwe kwa bati la geji na mgongo uleule. Siling bodi iliyolegea ibadilishwe baada ya paa kukauka. Naomba fundi aje ndani ya siku saba. Picha zimeambatanishwa, zikiwa na tarehe."

Chini naongeza sentensi moja: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inamtaka mwenye nyumba aiweke nyumba ya kuishi katika hali ya kukalika muda wote wa upangaji. Sentensi moja inatosha. Zikizidi, barua inageuka ugomvi, na bado tunaonana kila siku uani.

Kugoma kulipa sikushauri. Kodi ya miezi sita huwa imeshalipwa mbele, kwa hiyo huna cha kuzuia, na ikifika zamu ya kulipa, deni ndilo litakalompa sababu ya kukutoa. Ukitaka kutengeneza mwenyewe na kukata kwenye kodi, pata kwanza idhini yake kwa maandishi pamoja na kiasi, kisha tunza risiti za duka na za fundi.

Nachapa nakala mbili. Moja anabaki nayo; nyingine anasaini "nimepokea" na tarehe. Akikataa kusaini, naipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, igongwe muhuri wa kupokelewa, na mwenyekiti amwite tukae mezani. Ikishindikana hapo, njia inaendelea Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hiyo nakala yenye muhuri ndiyo karatasi ya kwanza kuulizwa.