Migebuka ya baba mdogo

Leo jioni nilikuwa kwa baba mdogo hapa Kibirizi, Kigoma. Alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Anaelewa kila kitu na anaongea bila kukwama sana, ila ndani ya neno sauti zinahama au kubadilika.

Nikamwonyesha samaki kwenye sinia. Hawa ni nini, baba?

"Mibeguka."
Akatikisa kichwa.
"Midebuka... migeduka..."
Akafumba macho.
"Migebuka!"

Kila sauti aliitamka safi kabisa. Huo si ulimi mzito, maana ulimi ukiwa mzito sauti zenyewe hufifia na kuburuzika. Kwake kinachoyumba ni kuzipanga. Na kila mara alijua kwamba bado hajafika, ndiyo maana akawa analisogelea neno kidogo kidogo.

Jirani akasema, "Mbona hata sisi tunateleza?"

Kweli, shangazi alikuwa ametoka kusema "chikombe cha chai". Lakini ile ch ilitoka kwenye maneno yanayofuata, na alijirekebisha papo hapo, ikaisha. Baba mdogo alikuwa na neno moja tu, halina jirani wa kulichanganya. Hata ukimtamkia arudie, anakosea, na neno likiwa refu ndiyo zaidi. "Maji" anasema vizuri tu.

Jamani, hajalewa wala akili haijaruka. Msimkatishe, mpeni muda alifikie neno lake.

Nani ana mgonjwa wa hivi nyumbani? Maneno gani yanamsumbua zaidi?